Mahindi kwenye Mfuko Usiopitisha Hewa: Maswali ya Kila Msimu

Mahindi yaliyokwisha kuvunwa yana maadui wakubwa wawili, na kila mmoja huzuiwa kwa njia yake. Wa kwanza ni wadudu, ambao wanahitaji hewa ili waishi. Wa pili ni ukungu, ambao unahitaji unyevu ili uote. Mfuko usiopitisha hewa humnyima mdudu hewa, lakini hauondoi unyevu hata kidogo. Kazi hiyo ni ya jua na turubai kabla mfuko haujaguswa. Karibu maswali yote ambayo wakulima huuliza kuhusu mifuko hii hujibiwa na tofauti hiyo moja. Mkulima anayekausha vizuri na kufunga vibaya hupoteza mahindi kwa wadudu. Anayefunga vizuri mahindi mabichi huyapoteza kwa kuoza, na huenda akala sumu bila kujua.

Wadudu wanaosumbua

Wadudu wawili ndio wanaofanya uharibifu mkubwa katika ghala za Afrika Mashariki. Fukusi ni mdudu mdogo wa kahawia mwenye pua ndefu, na amekuwepo tangu zamani. Dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kati, na kwa mara ya kwanza alionekana Afrika Mashariki katika mkoa wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea Tanzania nzima na kuvuka mipaka. Wakulima wa Tanzania walimpa pia jina la Skania, kwa uwezo wake wa kumaliza shehena, na nchini Kenya wengi humwita Osama. Mwili wake ni wa mviringo kama kipande cha kijiti kifupi, kichwa kimeinama chini kiasi kwamba ukimtazama kwa juu hakionekani, na hana pua ndefu. Alama yake kuu ni unga: pale alipo, mahindi hugeuka vumbi jeupe linalomwagika kutoka kwenye magunzi au chini ya gunia.

Swali la kwanza ambalo huulizwa ni jinsi wadudu wanavyoweza kuonekana ndani ya gunia jipya, lililojazwa mahindi yaliyopepetwa na kuonekana safi. Jibu lipo shambani. Fukusi huruka na kufika kwenye mahindi yakiwa bado yamesimama kwenye mabua. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute wake. Punje hiyo huonekana nzima. Katika joto la kawaida la ukanda huu, yai hugeuka funza, funza hula punje kutoka ndani, na baada ya wiki tano hivi mdudu mzima hutoboa njia na kutoka. Kwa hiyo mahindi yanayoonekana safi siku ya kuhifadhiwa huweza kuwa na kizazi kizima kilichojificha. Kila wiki ambayo mahindi hubaki shambani baada ya kukomaa huongeza idadi ya mayai hayo.

Dumuzi ana tabia tofauti kidogo. Hupenda mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa sababu punje zilizoshikana humpa mahali pa kujikaza anapotoboa. Punje zilizopukuchuliwa humsumbua, japokuwa hazimzuii kabisa. Pia hujificha kwenye mbao za ghala, kwenye miti ya kihenge na kwenye makopa ya mihogo. Ndiyo maana mahindi mapya yakiwekwa katika kihenge cha zamani ambacho hakikusafishwa hushambuliwa mapema. Kupukuchua haraka baada ya kuvuna, kufagia ghala, na kuyaondoa mabaki ya msimu uliopita ni hatua za kwanza za kinga, iwe mkulima ana mifuko ya kisasa au la.

Mahindi yamekauka lini?

Mahindi hukomaa shambani yakiwa bado na maji mengi. Ukipukuchua punje na kuitazama pale iliposhikana na gunzi, utaona doa jeusi likishajitokeza. Hiyo ni dalili kwamba punje haiongezeki tena. Wakati huo, hata hivyo, karibu theluthi ya uzito wake ni maji. Kwa kuhifadhi, unyevu unatakiwa ushuke hadi asilimia 13 na nusu au chini ya hapo. Mkulima anayetumia mfuko usiopitisha hewa atafanya vyema kulenga asilimia 13, kwa kuwa ndani ya mfuko huo hakuna upepo utakaokausha kilichobaki.

Kuanika kuna kanuni zake. Mahindi hayaanikwi juu ya udongo, kwa sababu ukungu unaotengeneza sumu huishi kwenye udongo na mabaki ya mimea. Hutandazwa juu ya turubai, mkeka au kichanja, kwa unene wa sentimita 3 hivi, na kugeuzwa mara kwa mara ili punje za chini nazo zipate jua. Jioni hukusanywa na kufunikwa. Punje iliyokauka hunywa unyevu wa hewa ya usiku, na umande wa usiku mmoja huweza kurudisha nyuma kazi ya mchana. Katika ukanda wa pwani, ambako hewa ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, mahindi yaliyokwisha kukauka hayafai kuachwa kwenye magunia ya kawaida kwa siku kadhaa yakisubiri mifuko.

Watu wengi hupima ukavu kwa kuuma punje au kwa kusikiliza sauti yake inapomwagwa. Njia hizo hutofautisha mahindi mabichi na yaliyokauka kiasi, lakini hazitoshi kutambua asilimia 16 na 13, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ukungu utaota. Kipima unyevu ndicho chombo cha uhakika, na vyama vya ushirika au wanunuzi wa nafaka mara nyingi huwa nacho. Pasipo kipimo, kuna njia ya chumvi. Huchukuliwa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ikajazwa mahindi theluthi moja, kisha huongezwa vijiko viwili au vitatu vya chumvi ya mezani iliyoanikwa juani hadi ikakauka. Chupa hufungwa, hutikiswa kwa dakika moja, na kuachwa itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kusoma jibu. Chumvi isiyoganda haimaanishi kwamba unyevu umefika 13. Inasema tu kwamba umeshuka chini ya 15. Kwa hiyo mahindi yaliyofaulu jaribio hilo yanastahili kuanikwa tena siku moja au mbili za jua kali kabla ya kufungwa. Jambo jingine linalofaa kuzingatiwa ni kuchukua sampuli kutoka sehemu mbalimbali za turubai, zikiwemo punje za chini na za pembeni. Chupa moja iliyojazwa kutoka juu tu hupima punje zilizopata jua zaidi.

Jinsi mfuko unavyofanya kazi

Mfuko unaojulikana zaidi ni ule wa PICS, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakishirikiana na watafiti wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanzoni kwa ajili ya kunde. Una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na gunia la kufumwa la nje linalobeba uzito. Zipo aina nyingine zenye mfuko mmoja wa plastiki maalumu ndani ya gunia. Kanuni ni ile ile kwa zote.

Mfuko ukifungwa, wadudu waliomo ndani huendelea kupumua. Wanatumia oksijeni iliyobaki kati ya punje na kutoa hewa ya kaboni. Kadiri oksijeni inavyopungua, huacha kula na kuzaana, na mwishowe hufa. Sababu mojawapo kubwa ya kufa kwao ni kiu. Wadudu hawa hawanywi maji popote. Hupata sehemu kubwa ya maji yao kwa kuchoma chakula mwilini, na kazi hiyo haiwezekani bila oksijeni. Mahindi yakiwa makavu na hewa ikiwa imekwisha, hawana pa kupata maji. Ndiyo maana mfuko huu hauhitaji dawa.

Hapa pia ndipo linapojibiwa swali la watu wanaofungua mfuko baada ya siku tatu na kukuta wadudu wakitembea. Oksijeni haiishi kwa dakika moja. Wadudu wakiwa wengi huimaliza kwa siku chache. Wakiwa wachache huchukua muda mrefu zaidi, na mayai na funza walio ndani ya punje hustahimili kuliko wadudu wazima. Kila ufunguzi huingiza hewa mpya na kuanzisha hesabu upya. Mfuko uliofungwa leo unapaswa kuachwa bila kuguswa kwa angalau mwezi mmoja.

Kufunga hatua kwa hatua

Kwanza mifuko ya plastiki hukaguliwa. Kila mmoja hujazwa hewa, mdomo wake ukasokotwa, kisha hubanwa polepole huku mtu akisikiliza na kuweka shavu karibu na kuta zake. Hewa inayopuliza husema palipo na tundu. Mfuko wenye tundu hauokolewi kwa kufunga kwa nguvu zaidi.

Mahindi yaliyotoka juani hayamwagwi yakiwa na moto. Huachwa kivulini yapoe, kwa kuwa joto lililofungiwa huvuta mvuke kutoka kwenye punje na kuugandisha kwenye plastiki usiku, na matone hayo hurudi kwenye mahindi ya juu. Kabla ya kumwaga, punje zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi huondolewa, pamoja na vipande vya magunzi na vijiti vinavyoweza kutoboa plastiki.

Mfuko wa kwanza wa plastiki huingizwa ndani ya wa pili, na yote miwili ndani ya gunia. Mahindi humwagwa kidogo kidogo, huku mfuko ukitikiswa na mahindi yakishindiliwa ili nafasi tupu zisibaki. Juu huachwa plastiki ya kutosha kusokotwa, sentimita 25 au 30 hivi. Mfuko wa ndani hubanwa ili hewa itoke, hushikwa sawasawa juu ya mahindi, husokotwa hadi ukakaza, hukunjwa mara mbili na kufungwa kwa kamba imara. Wa pili hufungwa vivyo hivyo, na gunia la nje mwishoni. Mfuko uliojaa nusu huwa na hewa nyingi, na hewa hiyo huwapa wadudu muda wa kuendelea kula. Dumuzi anaweza hata kutoboa plastiki ya ndani katika muda huo. Kwa sababu hiyo ni bora kuwa na mifuko mitano iliyojaa sawasawa kuliko sita iliyolegea.

Mifuko hupangwa juu ya chaga au mbao, mbali na kuta na mbali na bati linalopata jua la mchana. Panya ndiye adui ambaye mfuko haumzuii. Hutafuna plastiki, na tundu moja la jino lake hurudisha hewa. Chumba kisicho na punje zilizomwagika sakafuni humvutia kidogo, na nafasi kati ya mifuko na ukuta humnyima maficho.

Mfano wa kaya moja

Chukua kaya ya watu sita wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja na mahindi huvunwa ardhi ikiwa imeanza kukauka. Tuseme kaya hiyo imepukuchua kilo 760 zikiwa na unyevu wa asilimia 20. Katika uzito huo, maji ni kilo 152 na mahindi makavu ni kilo 608. Unyevu ukishushwa hadi asilimia 13, zile kilo 608 hazibadiliki, lakini sasa ni asilimia 87 ya uzito wote. Uzito mpya ni 608 ukigawanywa kwa 0.87, yaani karibu kilo 700. Kilo 60 zilizopotea ni maji, wala si chakula kilichoibwa. Hesabu hii hujibu malalamiko ya kawaida kwamba mahindi hupungua yakianikwa sana.

Kilo 700 ni mifuko saba ya kilo mia. Kaya ikitumia kilo 2 za mahindi kwa siku, mfuko mmoja unatosha siku 50, na mifuko saba siku 350. Utaratibu unaofaa ni kupanga mifuko kwa mfuatano na kuandika tarehe ya kufunga kila mmoja. Hufunguliwa mmoja tu kwa wakati. Kutoka kwenye mfuko huo huchotwa mahindi ya wiki mbili, kilo 28, yakawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na mfuko ukabanwa hewa na kufungwa tena papo hapo. Kwa njia hii mfuko hufunguliwa mara nne tu mpaka uishe, badala ya kila asubuhi, na ile mingine sita haiguswi. Mfuko wa saba utafunguliwa baada ya miezi kumi hivi, wakati ambapo gunia la kawaida lisilo na dawa lingekuwa limeliwa vibaya.

Dawa, mbegu na mazao mengine

Kuongeza dawa ya unga ndani ya mfuko usiopitisha hewa ni gharama isiyo na kazi. Dawa ina nafasi yake katika magunia ya kawaida. Nyingi za dawa za aina hiyo huchanganya viini viwili, pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi na permethrini kwa ajili ya dumuzi, kwa kuwa kila mdudu hustahimili kiini cha mwenzake kuliko chake. Kipimo na siku za kusubiri kabla ya kula ni vile vilivyoandikwa kwenye kibandiko, na pakiti iliyofunguliwa na kupimwa kwa kukisia dukani haifai kununuliwa. Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini ni suala tofauti na la hatari zaidi. Gesi hiyo huua watu, na haifai kutumiwa na asiyefunzwa, wala kuwekwa katika nyumba wanamolala watu au nyumba inayopakana nayo.

Mbegu za kupanda zinaweza kuhifadhiwa katika mfuko huu, kwa sharti moja: ziwe kavu. Mbegu yenye unyevu iliyofungiwa bila hewa hupoteza uwezo wa kuota. Kabla ya msimu, punje 100 huwekwa kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota chini ya 85, kiasi cha kupanda huongezwa au mbegu nyingine hutafutwa. Mahindi chotara hayafai kurudiwa kama mbegu, hata yakihifadhiwa vizuri, kwa sababu kizazi kinachofuata hakifanani na kile cha kwanza. Maharage, kunde, mtama na choroko huhifadhiwa kwa kanuni zile zile, na kwa kunde ndiko mfuko ulikoanzia.

Mifuko hii hutumika msimu zaidi ya mmoja. Ikimwagwa, hukung'utwa, hukaguliwa kwa hewa kama mwanzo, na kukunjwa mahali pasipo na panya. Mfuko wa plastiki uliotoboka hubadilishwa peke yake, na gunia la nje huendelea kutumika.

Sumukuvu

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu wa jamii ya aspajilasi, ambao huota kwenye punje zenye unyevu, hasa zilizopatwa na ukame shambani au zilizotobolewa na wadudu. Haina rangi, harufu wala ladha inayotambulika. Moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ulioiva vizuri kutoka kwenye unga wenye sumukuvu bado una sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa viwango vidogo vinavyoliwa kwa miaka mingi, sumu hiyo huharibu ini na husababisha saratani yake.

Mfuko uliofungwa vizuri huzuia sumukuvu isiongezeke, lakini hauondoi iliyokwisha kuingia. Kinachoipunguza ni kuvuna kwa wakati, kukausha haraka juu ya turubai na kuchambua punje mbovu kabla ya kufunga. Kukoboa nako hupunguza kiasi fulani, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Pumba zake, kwa sababu hiyo hiyo, si chakula salama cha mifugo kama mahindi yalikuwa na ukungu. Ng'ombe anayelishwa nafaka zenye sumukuvu huitoa kwenye maziwa, na kuku hudhoofika na kufa. Punje mbovu zilizochambuliwa hazipelekwi kwa kuku wala kwenye pombe. Hufukiwa au huchomwa mbali na nyumba.

Mfuko unapofunguliwa, hali ya mahindi hueleza mahali kazi ilipoharibika. Harufu ya uchachu, punje zilizoshikamana au matone ya maji kwenye plastiki huonyesha kwamba mahindi yalifungwa yakiwa mabichi, na hayafai kuliwa. Unga mweupe na wadudu walio hai, huku punje zikiwa kavu, huonyesha kwamba hewa iliingia. Hapo hutafutwa tundu au fundo lililolegea, mahindi hupepetwa, huchambuliwa na kuhamishiwa kwenye mfuko mzima. Wadudu wachache waliokufa, wakiwa wamelala kati ya punje kavu zisizo na harufu, ni dalili kwamba mfuko umefanya kazi yake, na mahindi hayo hupepetwa na kupelekwa mashineni.